Pau za tiki, pau za kiasi na pau za masafa

Pau za tiki, pau za kiasi na pau za masafa ni aina tatu za chati za bei katika masoko ya fedha ambazo hazifuati saa. Katika chati ya kawaida, upau mmoja (mara nyingi huchorwa kwa umbo la mshumaa) hufungwa baada ya muda uliopangwa kupita: dakika 1, dakika 5, saa 1 au siku 1. Katika aina hizi tatu upau hufungwa baada ya jambo fulani kutokea sokoni: idadi fulani ya miamala kukamilika, kiasi fulani cha mali kubadilishana mikono, au bei kutembea umbali fulani. Hutumika zaidi katika masoko yanayokwenda kasi, kama vile mikataba ya baadaye ya fahirisi za hisa, ambako dakika moja inaweza kuwa tupu na inayofuata ikabeba maelfu ya miamala.

## Jinsi upau unavyofungwa

Upau wa aina yoyote huonyesha bei nne: ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Tofauti ni swali moja tu: programu inayochora inajuaje kwamba upau umekwisha?

Kwenye chati ya muda jibu ni saa. Ikifika sekunde ya 60, upau wa dakika unafungwa hata kama ndani yake ulifanyika muamala mmoja tu.

Kwenye chati ya tiki programu huhesabu miamala. Mtumiaji akichagua tiki 400, upau unafungwa muamala wa 400 unapokamilika, kisha hesabu inaanza upya. Hapa neno "tiki" lina maana ya muamala mmoja ulioripotiwa na soko. Wafanyabiashara hulitumia neno hilohilo kwa maana ya pili, yaani hatua ndogo kabisa ambayo bei inaruhusiwa kusogea, na maana hizo mbili zisichanganywe. Katika makala hii hatua hiyo ndogo inaitwa "hatua ya bei".

Kwenye chati ya kiasi hesabu ni ya mikataba au hisa zilizouzwa, si ya miamala. Tofauti inaonekana haraka kwa mfano. Tuseme wanunuzi wadogo wamefanya miamala 400, kila mmoja wa mkataba 1, na baadaye taasisi kubwa zikafanya miamala 400, kila mmoja wa mikataba 20. Kwenye chati ya tiki 400 vipindi hivyo viwili vinalingana, upau mmoja kwa mmoja. Kwenye chati ya kiasi cha mikataba 2,000, kile cha kwanza hakijazi hata robo ya upau, na cha pili kinajaza pau nne.

Kwenye chati ya masafa kinachopimwa ni umbali kati ya bei ya juu na bei ya chini ndani ya upau. Umbali huo ukifikia kikomo kilichowekwa, tuseme pointi 2, upau unafungwa na mwingine unaanza. Kwa hiyo pau zote zina urefu sawa, na kila upau uliokamilika hufungwa ama kwenye kilele chake ama kwenye kina chake. Bei ikibaki inazunguka ndani ya pointi 1 kwa saa nzima, hakuna upau mpya unaochorwa. Chati hii ni jamaa wa karibu wa chati za renko za Kijapani, ambazo nazo hujenga tofali jipya pale tu bei inaposogea vya kutosha.

## Chimbuko la wazo

Wazo la kupima soko kwa saa nyingine lilianza kwa watu wa takwimu. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot na Howard Taylor walichapisha hoja kwamba mabadiliko ya bei yakipimwa kwa idadi ya miamala badala ya muda, yanaweza kukaribia mgawanyo wa kawaida wa takwimu, ule wenye umbo la kengele. Mwaka 1973 Peter Clark alifuata njia hiyohiyo kwa kutumia bei za mikataba ya baadaye ya pamba, akitumia kiasi cha biashara kama kipimo cha mwendo wa soko.

Shida waliyokuwa wakiishughulikia ni ya kweli. Mabadiliko ya bei ya dakika kwa dakika yana "mikia minene", yaani miruko mikubwa hutokea mara nyingi kuliko nadharia rahisi inavyotabiri. Sehemu ya sababu ni kwamba dakika hazilingani: dakika ya saa ya chakula cha mchana inachanganywa katika orodha moja na dakika ya kutangazwa kwa riba. Ukichukua vipande vyenye biashara sawa badala ya muda sawa, unalinganisha vitu vinavyofanana zaidi. Sehemu ya miruko hiyo hupungua, ingawa haiishi yote.

## Mfano wa mkataba wa E-mini S&P 500

Mkataba wa E-mini S&P 500 huuzwa katika soko la Chicago Mercantile Exchange. Kila pointi moja ya fahirisi ina thamani ya dola 50 kwa mkataba, na hatua ndogo ya bei ni pointi 0.25, yaani dola 12.50. Ni mfano mzuri kwa sababu miamala yote hupita katika soko moja la kielektroniki. Idadi ya miamala na kiasi cha mikataba ni hesabu halisi ya soko zima, si makisio.

Watafiti waliochunguza soko hilo mwezi Mei 2010 walikuta kwamba katika siku tatu, tarehe 3 hadi 5 Mei, saa za kawaida za mchana zilikuwa na wastani wa mikataba takriban milioni 2.4 kwa siku, katika miamala kama 446,000. Tarehe 6 Mei, siku ya anguko la ghafla linaloelezwa hapa chini, mikataba ilifikia takriban milioni 5.1 na miamala ikapita milioni 1.

Ukichora siku hizo kwa dakika moja moja, kila siku inapata pau 405, kwa maana kipindi hicho cha mchana kilikuwa cha dakika 405. Siku tulivu na siku ya msukosuko zinachukua upana uleule wa karatasi. Ukichora kwa mikataba 2,000, siku ya wastani inatoa pau 1,200 na tarehe 6 Mei inatoa zaidi ya pau 2,500. Chati inarefuka pale biashara ilipokuwa nyingi.

Takwimu hizo zinafichua pia jambo ambalo wauzaji wa programu za chati hawalisemi sana. Katika siku za kawaida muamala wa wastani ulikuwa na mikataba kama 5.4, na siku ya anguko karibu 5. Maana yake upau wa tiki 400 ulibeba wastani wa mikataba 2,160 siku za kawaida na kama 2,000 siku ile. Chati ya tiki 400 na chati ya mikataba 2,000 zingetoa picha zinazokaribiana sana. Katika soko ambalo ukubwa wa wastani wa muamala haubadiliki, tiki na kiasi ni karibu mapacha, na mabishano kuhusu ipi ni bora hayana uzito mkubwa. Tofauti huanza kuwa muhimu pale washiriki wenyewe wanapobadilika, kwa mfano taasisi kubwa zinapoingia au programu zinapoanza kukata oda kubwa vipande vidogo.

## Sekunde 15 za tarehe 6 Mei 2010

Ripoti ya pamoja ya mamlaka mbili za Marekani, SEC na CFTC, iliyotolewa Septemba 2010, imeandika anguko hilo kwa sekunde, na kwa hiyo inawezesha kulinganisha chati hizi kwa tukio halisi. Nyakati zifuatazo ni za New York.

Saa 14:32 (saa nane na dakika 32 mchana) mfanyabiashara mmoja mkubwa alianzisha programu ya kuuza mikataba 75,000 ya E-mini, yenye thamani ya takriban dola bilioni 4.1. Kuanzia 14:41 hadi mwisho wa 14:44 bei ilishuka kwa karibu asilimia 3. Kisha, kati ya 14:45:13 na 14:45:27, ilishuka tena asilimia 1.7 hadi 1056, kiwango cha chini kabisa cha siku hiyo. Saa 14:45:28 mfumo wa kinga wa soko ulisimamisha biashara ya E-mini kwa sekunde 5. Ilipofunguliwa, bei ilitulia na baada ya muda mfupi ikaanza kupanda.

Kwenye chati ya dakika moja, sekunde hizo zote ziko ndani ya upau mmoja wa 14:45. Msomaji anaona bei ilifika 1056, lakini haoni kama ilishuka polepole kwa nusu dakika au ilianguka mara moja.

Kwenye chati ya kiasi picha ni nyingine. Ripoti inasema kwamba katika sekunde hizo wafanyabiashara wa kasi ya juu walibadilishana zaidi ya mikataba 27,000, ambayo ilikuwa kama asilimia 49 ya biashara yote. Kwa hesabu hiyo jumla ilikuwa karibu mikataba 55,000. Kwa pau za mikataba 2,000, hizo ni pau 27 hivi, kila moja ikijengwa kwa takriban nusu sekunde. Anguko ambalo lilikuwa mstari mmoja sasa ni ngazi yenye vidato 27, na mtu anaweza kuona ni wapi mteremko uliongezeka.

Kwenye chati ya masafa ya pointi 2, asilimia 1.7 ya bei ya wakati huo ni kama pointi 18, kwa hiyo zingetokea angalau pau 9. Zingekuwa zaidi kama bei ilipanda na kushuka njiani. Hapa msomaji anaona umbali bila kuona nguvu iliyotumika. Upau uliohitaji mikataba 10,000 kusogea pointi 2 na upau uliohitaji 500 tu vinalingana kwa sura, ingawa huo wa pili ndio dalili kwamba wanunuzi wametoweka.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata chati moja kati ya hizi tatu inayolionyesha: zile sekunde 5 za kusimama. Hakukuwa na muamala, kiasi wala mwendo wa bei, kwa hiyo hakuna kilichochorwa. Biashara iliyofuata kusimama inagusana na iliyotangulia kama vile hakuna kilichotokea kati yao, ilhali kusimama huko ndiko kulikowapa wanunuzi nafasi ya kurudi. Mtu akitumia chati ya sekunde, angeliona pengo hilo waziwazi. Kwa sababu hii wachambuzi makini huandika saa chini ya kila upau, au huweka chati ya muda pembeni.

## Kiasi kikubwa si lazima kiwe soko lenye kina

Tukio hilohilo linatoa onyo kwa wanaoamini kwamba saa ya kiasi ni saa ya kweli ya soko. Programu iliyokuwa ikiuza mikataba 75,000 yenyewe ilikuwa ikifuata saa ya kiasi. Iliagizwa kuuza kwa kiwango cha asilimia 9 ya biashara ya dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda. Mauzo mengine ya ukubwa unaofanana ya mfanyabiashara huyo katika miezi 12 iliyotangulia yalichukua zaidi ya saa 5 kukamilisha mikataba 75,000 ya mwanzo. Safari hii yote iliuzwa kwa dakika 20 hivi.

Sababu ni mzunguko. Wafanyabiashara wa kasi walinunua, wakafikia kikomo cha mzigo wanaoweza kubeba, wakaanza kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Mikataba ilipita mikononi mwao kama kiazi cha moto. Katika zile sekunde za mwisho zenye mikataba 27,000, nyongeza halisi waliyobaki nayo ilikuwa takriban mikataba 200 tu. Lakini kila mpito ulihesabiwa kama kiasi. Programu ya muuzaji ikaona kiasi kimepanda na ikauza zaidi.

Chati ya kiasi inaona vilevile. Pau 27 zinaonekana kama biashara nzito yenye wanunuzi wengi, ilhali ukwasi, yaani uwezo wa soko kupokea mauzo bila bei kuporomoka, ulikuwa umekauka. Dalili ya kutazama ni uhusiano wa pau na bei. Pau nyingi za kiasi zinazosogeza bei kidogo huashiria soko linalobeba mzigo. Pau ambazo kila moja inashuka hatua nyingi za bei kuliko iliyotangulia huashiria kwamba oda za kununua zilizokuwa zikisubiri zimeisha.

## Mahali zinapopotosha

Kosa linalotokea sana ni kuhamisha viashiria vya chati ya muda bila kuvitafsiri upya. Wastani wa pau 20 kwenye chati ya dakika moja daima ni wastani wa dakika 20. Kwenye chati ya mikataba 2,000 ya siku za kawaida zilizotajwa hapo juu, upau mmoja ulichukua wastani wa sekunde 20, kwa hiyo wastani huo ulikuwa wa dakika 7 hivi. Wakati wa anguko uligeuka kuwa wa sekunde 10. Jina la kiashiria halikubadilika, lakini kilichopimwa kilibadilika kabisa. Kwa mtu anayebofya oda kwa mkono, upau wa nusu sekunde haufai kitu: umeshafungwa kabla jicho halijausoma.

Pau za tiki hutegemea namna soko linavyoripoti. Oda moja ya kununua mikataba 50 inaweza kukutana na wauzaji 30 tofauti. Soko moja linaweza kuiripoti kama muamala mmoja, na lingine kama miamala 30. Soko likibadili utaratibu wake, chati ya tiki 400 ya mwaka jana na ya mwaka huu hazilinganishiki tena. Anayeona chati yake imeharakika ghafla kila siku, bila kiasi cha mikataba kuongezeka, ana sababu ya kushuku kwamba kilichobadilika ni ripoti, si soko. Pau za kiasi haziguswi na tatizo hili.

Zina lao. Mikataba ya E-mini huisha Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kabla ya siku ya mwisho wafanyabiashara huhamia mkataba unaofuata. Anayebaki kwenye chati ya mkataba wa zamani huona pau zikichelewa kana kwamba soko limelala, kumbe limehama. Ukubwa wa upau nao unahitaji kurekebishwa kila baada ya muda. Njia rahisi ni kugawanya wastani wa kiasi cha siku za karibuni kwa idadi ya pau zinazotakiwa kwa siku. Kwa mikataba milioni 2.4 na pau 400, upau mmoja ni mikataba 6,000, na chati itakuwa na urefu unaokaribia ule wa dakika moja.

Pau za masafa zina hatari yake katika majaribio ya mikakati kwa data za zamani. Bei ikiruka, tuseme pointi 6 kwa mara moja baada ya tangazo, baadhi ya programu hujaza pengo kwa pau tatu za pointi 2 ambazo hazikuwahi kuuzwa. Mkakati ukijaribiwa juu ya pau hizo utaonekana umenunua au umeuza katikati ya pengo, kwa bei ambayo hakuna mtu aliyeipata. Tena, kwa kuwa upau wa masafa hufungwa mwisho wa mwendo wake, muamala unaofuata mara nyingi si wa bei ya kufungia bali ni hatua moja mbele. Katika mkakati unaofanya miamala mingi, dola 12.50 kwa kila muamala zinatosha kugeuza faida ya kwenye karatasi kuwa hasara. Jaribio linaloaminika hurudia data ya muamala kwa muamala, na pau hutumika kutoa ishara tu.

## Katika biashara ya fedha za kigeni

Watu wengi Afrika Mashariki hukutana na chati kwanza kupitia biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, mara nyingi kwa programu ya MetaTrader, ambayo chati zake za kawaida ni za muda, kama vile `M1`, `M5` na `H1`. Huko hesabu zilizoelezwa hapo juu haziwezi kufanywa kwa namna ileile, kwa sababu soko la papo kwa papo la fedha za kigeni halina sehemu moja kuu ambako miamala yote huandikwa.

Namba ya kiasi inayoonyeshwa chini ya chati ya jozi kama `EURUSD` kwa kawaida si kiasi cha fedha kilichouzwa. Ni idadi ya mara ambazo wakala yule alibadilisha bei aliyotangaza katika upau huo. Mawakala wawili wanaweza kuonyesha namba tofauti kwa dakika ileile, na chati ya "kiasi" iliyojengwa juu yake ni chati ya tiki za matangazo ya bei ya wakala mmoja. Njia ya kuhakikisha ni kufungua akaunti za majaribio za mawakala wawili na kulinganisha namba za saa ileile.

Pau za masafa huhimili hali hiyo vizuri zaidi, kwa sababu zinahitaji bei tu, na bei za mawakala hukaribiana. Hata hivyo bei ya kununulia na ya kuuzia hutengana wakati wa habari kubwa. Masafa yakiwekwa madogo, tuseme mara mbili ya tofauti hiyo, kutengana kwenyewe kunatosha kufunga pau kadhaa bila soko kusogea popote. Anayetaka kiasi halisi cha sarafu hizo hutazama mikataba ya baadaye ya sarafu inayouzwa Chicago, ambayo ni sehemu tu ya biashara yote ya sarafu duniani, lakini kila mkataba wake umehesabiwa.